Kilo 51 kwenye mizani, kilo 75 kwenye LTA

Mama mmoja wa kikundi chetu alirudi kutoka uwanja wa ndege wa Bunia na uchungu mwingi. Alikuwa ametuma Kinshasa kartoni tatu za samaki wa kukauka kwa moshi, samaki wa Ziwa Albert alionunua Tchomia. Mizani ya nyumbani ilisema kilo 17 kila kartoni, jumla kilo 51. Lakini alilipishwa kilo 75. «Wameniibia kilo 24,» alituambia, na akatoa LTA, ile karatasi ya mzigo wa ndege, ili tumsomee.

Tulianza na ule mstari wa katikati wenye namba. Kwanza kuna hesabu ya koli: 3. Pembeni yake kuna uzito mzima, yaani samaki, kartoni, kamba na vyote: 51, pamoja na herufi K ya kilo. Mbele kidogo kuna uzito mwingine: 75. Huo ndio uzito wa kulipia. Nyuma yake inakuja bei ya kilo moja, kisha jumla ya feza. Kwa hiyo hakuna kilo iliyofichwa: karatasi ilionyesha nyingine 51, nyingine 75. Ni mama tu aliyekuwa hajaelezwa tofauti.

Ndege inajaa nafasi mbele ya kujaa uzito. Kwa sababu hiyo kampuni inapima pia ukubwa wa kartoni: urefu mara upana mara kimo, kwa sentimeta, kisha inagawanya kwa 6000. Kati ya jibu hilo na uzito wa mizani, wanachukua ile kubwa. Kartoni za mama zilikuwa 60 kwa 50 kwa 50. Ukizidisha unapata 150,000. Ukigawanya kwa 6000 unapata kilo 25. Kartoni tatu ni 75. Wale wanaotuma maua ya waridi kutoka Nairobi wanaijua sana hesabu hii, maana ua ni jepesi na linakula nafasi.

Tulipofungua kartoni ya akiba iliyobaki nyumbani, karibu sehemu ya tatu ya juu ilikuwa hewa. Samaki wale wale wangeingia katika kartoni ya kimo cha 35. Hapo hesabu inakuwa 105,000 gawanya kwa 6000, kilo 17 na nusu. Kwa tatu, 52 na nusu. Tuchukue mfano wa dola 2 kwa kilo: badala ya dola 150 angelipa 105. Lakini usibane kupita kiasi, samaki wa moshi anavunjika, na mnunuzi hataki unga. Na upime kwa mita ya kushonea baada ya kufunga kamba, si mbele: kartoni iliyovimba tumbo inapimwa pale ilipovimba. Uliza pia ofisi inagawanya kwa ngapi, kwani wengine, hasa wa vifurushi vya haraka, wanatumia 5000, na hapo utalipa zaidi.

Samaki mubichi ni kinyume. Sanduku la 60 kwa 40 kwa 40 linatoa kilo 16 kwa ukubwa, lakini likiwa na kilo 20 za kapiteni, barafu kilo 3 na sanduku lenyewe kilo 1, mizani inasema 24. Unalipia 24. Barafu nayo inalipiwa, hata kama inafika imekuwa maji. Kwa hiyo katika barua ya kuuzia andika kilo 20 za samaki peke yake, na usimwachie mnunuzi asome 24 kwenye LTA halafu aseme umemdanganya.

Bado kuna zile herufi tatu tatu katika kisanduku cha maagizo. PER inasema kitu kinaharibika upesi. PES inasema ni samaki, na PEF ni maua. WET ni mzigo wenye maji usiofungwa katika chombo kisichovuja. Kama sanduku lako linavuja, wataliona, maana maji ya samaki yanaharibu mizigo ya wenzako na chuma cha ndege.

Ile inayodanganya watu ni ICE. Si barafu yetu ya maji. Ni barafu kavu, ile ya gesi iliyogandishwa, ambayo inahesabiwa kati ya mizigo ya hatari kwa sababu gesi yake inafukuza hewa ya kupumua. Kama karani anaandika ICE juu ya barafu ya firigo, mwambie palepale: ni maji. La sivyo sanduku litasimama likingoja karatasi usizo nazo, na jua la Bunia halitangoja.