Hasara Aibebe Nani? Kodi na Ujira katika Sheria ya Kirumi

Katika kila mkataba wa kukodi, bei ni sehemu moja tu ya mapatano. Sehemu ya pili, ambayo haionekani mpaka mambo yaharibike, ni hii: hasara ikitokea, aibebe nani? Tutalichambua swali hilo katika sheria ya Kirumi, ambayo iliweka kukodi ardhi, vyombo na nguvukazi ya mtu huru chini ya mkataba wa aina moja, lokatio konduktio.

Tuanze na ardhi. Mwanasheria Ulpiano, mwanzoni mwa karne ya 3, alieleza kwamba mpangaji wa shamba alisamehewa kodi iwapo mazao yaliangamizwa na nguvu asiyoweza kuizuia, kama mafuriko, makundi ya ndege au uvamizi wa adui. Lakini magugu yakiyasonga mazao, hasara ilikuwa yake. Hata aliposamehewa kodi, hakulipwa mbegu zilizopotea. Na miaka iliyofuata ikiwa ya neema, mwenye ardhi aliweza kuidai kodi ile ile.

Kuhusu kasoro za kitu kilichokodishwa, Ulpiano alitofautisha. Aliyekodisha mitungi mibovu ya divai alilipa divai yote iliyovuja, hata kama hakujua ubovu huo. Aliyekodisha malisho yenye majani ya sumu alilipia mifugo iliyokufa ikiwa tu alijua. Kama hakujua, alikosa kodi basi.

Kwa upande wa kazi, mwanasheria Paulo, wa zama hizo hizo, aliandika kwamba aliyekodisha nguvu zake alistahili ujira wa muda wote, iwapo kutofanya kazi hakukutokana na yeye. Kanuni hiyo yaonekana kumlinda mfanyakazi. Lakini sheria iliruhusu mapatano kinyume chake, na hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Tuchukue mkataba wa tarehe 20 Mei 164, ulioandikwa kwenye vibao vya nta na kupatikana katika migodi ya dhahabu ya Dakia, ambayo leo ni Rumania. Memio, asiyejua kusoma, alijikodisha hadi tarehe 13 Novemba kwa dinari 70, yaani sestersi 280. Kwa siku 178 hizo, ujira haukufika sestersi mbili kwa siku. Akiacha kazi bila ridhaa ya mwajiri, alipe sestersi tano kwa kila siku. Mwajiri naye akichelewesha ujira alitozwa kiasi hicho hicho, lakini baada ya kupewa nafasi ya siku tatu. Na maji yakifurika mgodini, ujira ulikatwa kwa kadiri ya siku zilizopotea.

Hivyo mafuriko yale yale yaliyompunguzia mpangaji kodi yalimpunguzia mchimbaji ujira. Tofauti haikuwa katika maji. Ilikuwa katika nani aliyeandika masharti, na nani aliyeandikiwa.