Kuhamisha Kitabu cha Kindle Kwenda EPUB: Yanayopotea Kimyakimya

Kitabu cha kielektroniki kinapohamishwa kutoka muundo mmoja hadi mwingine, kompyuta haitoi kilio kwa ajili ya kile kilichoachwa nyuma. Kazi huisha kwa muda mfupi, faili mpya hufunguka, na maneno yote yamo. Mwenye kitabu huridhika, akaifuta faili ya zamani. Huenda ikapita miezi kabla hajagundua kwamba jalada si lile alilolijua, kwamba sura hazifikiki, au kwamba baadhi ya herufi zimegeuka visanduku vitupu. Wakati huo hana tena cha kulinganisha nacho.

Ili kuelewa jinsi hasara hizo zinavyotokea, yafaa kwanza kujua kilichomo ndani ya faili. EPUB, iliyotolewa kuwa kanuni ya pamoja mwaka 2007 na ambayo tangu mwaka 2017 iko chini ya shirika la W3C, ni mkoba wa zipu tu. Ndani yake mna kurasa zilizoandikwa kwa lugha ya HTML, karatasi ya mitindo ya CSS, picha, fonti, na faili iitwayo `content.opf` inayoorodhesha vitu vyote hivyo. Muundo wa Kindle uitwao AZW3, uliotokea mwaka 2011, nao hubeba HTML, CSS na fonti, ila hufungasha kwa namna nyingine. Kwa hiyo kutoka AZW3 kwenda EPUB ni kama kuhamisha vyombo kutoka sanduku moja hadi jingine. Muundo wa zamani zaidi, MOBI, ni dhaifu: haukuweza kubeba fonti hata moja. Kisichokuwamo katika asili hakiwezi kutokea katika nakala.

Tuchukue mfano wa kitabu cha fonetiki ya Kiswahili chenye sura 9, ambacho mwandishi wake amebakiwa na faili moja tu ya AZW3. Faili hiyo haina kufuli. Hili ni sharti, kwa kuwa faili iliyofungwa na muuzaji kwa ajili ya kulinda hakimiliki haikubaliwi na programu ya Calibre, inayotumiwa hapa. Mwenye faili ya namna hiyo hana budi kumwomba mchapishaji nakala ya EPUB. Amri ya kuhamisha ni fupi:

```
ebook-convert fonetiki.azw3 fonetiki.epub
```

Ukaguzi uanze na jalada. Katika faili ya Kindle, picha ya jalada huhifadhiwa mbali na kurasa, na alama maalumu huonyesha kwamba picha hiyo ndiyo jalada. Calibre huifuata alama hiyo, kisha hutengeneza ukurasa uitwao `titlepage.xhtml` na kuiweka picha humo. Lakini ikiwa alama haikuwapo, Calibre haisimami. Hutunga jalada lake lenyewe, lenye jina la kitabu na la mwandishi, na mtazamaji asiye makini hudhani kuwa kila kitu ki salama. Dawa yake ni kuitoa picha ya asili na kuitaja kwa `--cover jalada.jpg`. Kinyume chake, ikiwa mwandishi alikwisha kuliweka jalada kama picha ya kwanza ya maandishi, nakala itakuwa na majalada mawili yanayofuatana. Hapo huongezwa `--remove-first-image`.

Baada ya jalada ni sura. Ikiwa faili ya asili ina orodha ya yaliyomo inayoweza kubonyezwa, Calibre huihamisha orodha hiyo. Isipokuwapo, programu hujaribu kuitunga kwa kutafuta vichwa vya habari vya daraja la `h1` na `h2`. Hapa pana mtego kwa vitabu vya Kiswahili. Kanuni iliyowekwa tangu mwanzo haikubali kila kichwa. Hutafuta maneno ya Kiingereza kama `chapter`, `section`, `part` na `prologue`. Kichwa kisemacho “Sura ya Tatu” hakina hata moja la maneno hayo, kwa hiyo hupitwa.

Katika kitabu chetu cha mfano, ambacho hakikuwekewa orodha wala viungo ndani ya maandishi, matokeo ni orodha yenye mstari mmoja tu, nao umeandikwa `Start`. Kinachopotosha ni kwamba kila sura bado huanza katika ukurasa mpya, maana kanuni ya kukata kurasa haitazami maneno, bali daraja la kichwa. Anayefunua kurasa moja baada ya nyingine haoni kasoro yoyote. Anayetaka kwenda Sura ya Saba moja kwa moja ndiye anayekwama, na zaidi ya wote msomaji asiyeona, anayetegemea orodha hiyo kusomewa kwa sauti. Marekebisho ni kuiambia programu ichukue kila kichwa cha `h2`:

```
ebook-convert fonetiki.azw3 fonetiki.epub --level1-toc "//h:h2"
```

Kisha orodha ihesabiwe. Ikiwa kitabu kina sura 9, mistari iwe 9, na kila mmoja ubonyezwe ili kuhakikisha unafika panapostahili.

Mwisho ni fonti, na katika kitabu cha fonetiki ndipo penye hatari kubwa. Herufi `ŋ`, inayowakilisha sauti ya kwanza ya neno “ng’ombe”, au `ɓ`, haimo katika kila fonti. Ili ionekane kama mwandishi alivyokusudia, mambo matatu lazima yashikamane: faili ya fonti iwemo mkobani, karatasi ya mitindo iitangaze kwa `@font-face`, na maandishi yaitwe kwa jina lile lile. Kiungo kimoja kikikatika, kifaa hutumia fonti yake chenyewe bila kutoa taarifa. Yaliyomo mkobani huonekana kwa amri hii:

```
unzip -l fonetiki.epub
```

Kuona fonti katika orodha hiyo hakutoshi. Kitabu kikifunguliwa katika kompyuta ile ile ya mwandishi, ambayo tayari ina fonti hiyo, herufi zitaonekana hata kama mkoba ni mtupu. Jaribio la kweli hufanywa katika simu au kifaa ambacho hakijapata kuwa na fonti hiyo, kikiwa kimeamriwa kutumia fonti ya mchapishaji. Iwapo asili ilikuwa MOBI, fonti haina budi kuongezwa upya. Charis SIL yafaa, kwa kuwa inazo herufi za fonetiki na leseni yake yaruhusu kuiweka ndani ya kitabu. Ikiwa imekwisha kuwekwa katika kompyuta inayohamisha, huongezwa kwa `--embed-font-family "Charis SIL"`.

Ipo programu ya kupima usahihi wa faili, iitwayo `epubcheck`, nayo yafaa kutumiwa. Hata hivyo yenyewe hupima kama mkoba umefungwa kwa kanuni. Haikijui kitabu cha asili. Orodha ya mstari mmoja na jalada la kutungwa hupita mtihani huo bila doa. Kwa sababu hiyo faili ya zamani isifutwe mpaka mtu aziweke faili mbili bega kwa bega na kulinganisha jalada kwa jalada, sura kwa sura, na walau ukurasa mmoja wenye herufi ngumu kuliko zote.