Barua ya Ndiva: Ilainishe, Lakini Tarehe na Fedha Zibaki

Huku Upareni wengi wetu tunaijua ndiva. Ni bwawa dogo la kukingia maji ya mfereji. Maji hujaa usiku, asubuhi mlango hufunguliwa, na wenye zamu humwagilia. Lakini maji huja na tope. Tope lisipozolewa kabla ya mvua za vuli, ndiva hushika maji machache, na zamu yako huisha shamba halijalowa. Kwa hiyo watu huitwa kwenye msaragambo, na siku hizi huitwa kwa barua.

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja cha milimani, kama hapa Suji. Katibu wa kamati ya maji ameandika hivi:

"Ndiva imejaa tope. Kila kaya ilete mtu mmoja mwenye jembe, Jumamosi tarehe 14 Septemba, saa 1 asubuhi. Kila kaya ilipe shilingi 3,000 za saruji kwa mweka hazina kabla ya tarehe 12 Septemba. Asiyelipa wala kufika hatapata zamu ya maji kwa wiki mbili. Kamati itatengeneza mlango wa ndiva kabla ya tarehe 30 Septemba."

Wazee wanasema barua hii ni kali mno, kama amri ya jumbe wa zamani. Wana haki. Basi inapelekwa kwa mtu hodari wa maneno, naye anaiandika upya:

"Ndugu wapendwa, tunawasalimu. Ndiva yetu inahitaji huduma. Tunawaomba mjitokeze katikati ya mwezi, asubuhi na mapema. Kila mmoja alete mchango wa shilingi 3,000 kwa wakati, ili asije akakosa maji. Kamati nayo itajitahidi kutengeneza mlango mapema iwezekanavyo."

Barua imekuwa tamu. Sasa itazame vizuri. Tarehe 14 haipo. Mmoja atakuja tarehe 13, mwingine tarehe 16. Fedha zinaonekana zimebaki, kwa sababu 3,000 ipo. Lakini "kila kaya" imegeuka "kila mmoja". Nyumba yenye watu wazima wanne ilitakiwa kutoa 3,000. Sasa inadaiwa 12,000. Tarakimu haikuguswa, deni limekuwa mara nne! Na ile ahadi ya kamati? "Itatengeneza" imekuwa "itajitahidi". Mwezi ukiisha mlango ungali unavuja, kamati itasema ilijitahidi. Mara nyingi ahadi ya mwenye kuandika ndiyo hulainika kwanza.

Njia ya kukagua ni hii. Kabla ya kulainisha, chukua kalamu upige mstari chini ya kila siku, saa, kiasi, jina la mtu anayedaiwa, na kila neno la ahadi au adhabu. Katika barua ya katibu utapata mistari kama kumi. Kisha andika barua mpya. Ukimaliza, weka zote mbili mezani. Weka kidole juu ya mstari wa kwanza, utafute neno lake katika barua mpya. Ukilikuta, weka alama ya vema. Usipolikuta, lirudishe.

Maneno madogo yaangalie sana. "Kabla ya tarehe 12" maana yake siku ya mwisho ni tarehe 11. Ukiandika "hadi tarehe 12" umeongeza siku moja.

Ukikagua hivyo, huenda ukakuta kosa katika barua ya kwanza yenyewe. "Asiyelipa wala kufika" ni nani? Aliyelipa lakini hakufika, atapata maji? Mwenye kulainisha asijiamulie. Arudi kwa kamati aulize. Tuseme kamati imejibu kwamba yote mawili ni lazima.

Upole una mahali pake: katika salamu, katika sababu, na katika shukrani. Barua sasa inasomeka hivi:

"Ndugu wapendwa, tunawasalimu. Tope limepunguza maji ya ndiva yetu, na vuli inakaribia. Tunaomba kila kaya ilete mtu mmoja mwenye jembe, Jumamosi tarehe 14 Septemba, saa 1 asubuhi, kwenye ndiva. Tunaomba pia kila kaya ilipe shilingi 3,000 za saruji kwa mweka hazina kabla ya tarehe 12 Septemba. Kwa masikitiko, kaya ambayo haitalipa, au haitaleta mtu, haitapata zamu ya maji kwa wiki mbili. Kamati itatengeneza mlango wa ndiva kabla ya tarehe 30 Septemba. Ahsanteni sana."

Kabla ya kuibandika, msomee mtu ambaye hakuwa mkutanoni. Muulize: Utalipa kiasi gani? Mwisho lini? Kamati inakudai nini, nawe unaidai nini? Akisitasita, rudi kwenye kidole na mistari. Barua ya kwanza itunzwe katika faili pamoja na hii, maana siku ya kugawa zamu kuna atakayekuja kuuliza.