Nusu Dakika ya Dizaina wa Lebo

Je, wajua kwamba watu wanapojitambulisha kwa zamu, anayekusikia vibaya kuliko wote ni yule anayesubiri kusimama baada yako? Mwaka 1973 mwanasaikolojia Malcolm Brenner alichapisha jaribio lililoonyesha jambo hilo. Watu waliketi pamoja wakisoma maneno kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kisha wakatakiwa kuyataja waliyoyasikia. Kila mmoja alikuwa na pengo mahali pale pale: maneno yaliyosomwa katika takriban sekunde 9 kabla ya zamu yake mwenyewe. Masikio yalikuwa wazi, lakini akili ilikuwa inajiandaa kusema.

Pengo hilo ni mojawapo ya vizingiti vinavyoisubiri hotuba ya lifti, yaani maelezo mafupi ya mtu kuhusu kazi yake, yanayotakiwa kumalizika kabla lifti haijafika ghorofa ya juu. Makazi yake halisi siku hizi ni kumbi za hoteli na vyumba vya mikutano, wafanyabiashara wanapokutana kufahamiana. Mtandao wa BNI, ulioanzishwa na Ivan Misner huko California mwaka 1985 na ambao una vikundi hadi Nairobi, umeifanya hotuba hii kuwa sehemu ya ratiba: wanachama husimama kwa zamu, kila mmoja akipewa muda usiozidi dakika moja, na kila kikundi hupokea mtu mmoja tu wa kila taaluma.

Kwa dizaina wa grafiki anayejitegemea, dakika hiyo ina uzito wa pekee. Hana duka wala kibao barabarani, na kazi yake huonekana ikiwa imebandikwa kwenye bidhaa ya mtu mwingine bila jina lake. Isitoshe, kazi yake ni ya macho, ilhali pale ukumbini anatakiwa kuieleza kwa masikio.

Tumchukue dizaina mmoja wa Dar es Salaam, wa kubuni tu, lakini wa aina inayojulikana. Anasimama na kusema: “Kwa majina naitwa fulani, mimi ni dizaina wa grafiki. Nafanya nembo, mabango, vipeperushi, kadi za harusi, fulana, lebo na kazi zote za ubunifu kwa bei nafuu. Karibuni sana.” Watu wanapiga makofi. Baada ya nusu saa, ukimuuliza aliyekuwa kiti cha pili yule dada anafanya nini, atajibu, “Mambo ya kompyuta, nadhani.”

Tatizo la kwanza ni jina kuwekwa mwanzoni. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza, McWeeny na wenzake, waliwaonyesha watu picha za nyuso wasizozijua, wakawapa jina na kazi ya kila mmoja. Ujanja wao ulikuwa kutumia maneno yanayoweza kuwa jina la ukoo na pia kazi. Baker, kwa mfano, ni jina la familia nyingi za Kiingereza, na ni mwoka mikate vilevile. Neno lile lile lilikumbukwa vizuri lilipotajwa kama kazi, na likapotea kwa urahisi lilipotajwa kama jina. Sababu inaeleweka: kazi ya kuoka inakuja na tanuri, unga na harufu ya mkate, mambo ambayo tayari yamo kichwani mwa msikilizaji. Jina peke yake halina cha kushikia. Kwa hiyo dizaina aliyetanguliza jina lake ametumia sekunde ambazo watu ndio kwanza wanamgeukia kuwapa kitu kigumu zaidi kukikumbuka.

Tatizo la pili ni ile orodha. Vitu sita vilivyotajwa mfululizo havimwachii msikilizaji picha ya kitu chochote, na “kazi zote za ubunifu” ni maneno yasiyoonekana. Kisha “bei nafuu” inamrudisha nyuma zaidi. Mjini, duka la uchapaji mara nyingi humchorea mteja papo hapo mradi achapishe kwao, na gharama ya mchoro humezwa na ya uchapaji. Dizaina anayejinadi kwa bei amejiweka kwenye mizani na mtu ambaye, machoni pa mteja, anachora bure.

Sasa yule yule apewe nafasi ya pili, achague kipande kimoja cha kazi yake anachokijua kwa undani:

“Kuna asali nzuri inayokwama kaunta ya supamaketi kwa sababu bakodi yake haisomeki. Mimi natengeneza lebo za vyakula zinazosomeka na mnunuzi na mashine. Mteja wangu mmoja alikuwa na bakodi nyekundu. Nikaibadilisha ikawa nyeusi, sasa inapita. Namtafuta msindikaji anayeingia supamaketi kwa mara ya kwanza.” Hapo ndipo anapotaja jina lake.

Maneno hayo ni 42, na kwa mwendo wa kawaida hayafikishi nusu dakika. Hesabu hiyo ni muhimu kwa anayejifunza kutoka vitabu vya Kiingereza, ambavyo huhesabu takriban maneno 150 kwa dakika. Kitenzi cha Kiswahili kama “nikaibadilisha” kimebeba mtendaji, wakati na kitu kinachotendwa ndani ya neno moja lenye silabi saba. Anayeandaa maneno 75 ya Kiswahili kwa nusu dakika ataishia kukimbia, au atakatizwa na mwenye saa. Ni salama zaidi kusoma kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu.

Kinachoibeba hotuba hii ni ile bakodi nyekundu. Hiyo si chumvi ya kunogesha. Ni kosa la kweli katika uchapaji. Mashine nyingi za kaunta hutumia mwanga mwekundu, na wino mwekundu huurudisha mwanga huo karibu sawa na karatasi nyeupe. Mashine haioni mistari. Inaona eneo tupu. Jicho la binadamu linaiona bakodi vizuri kabisa, ndiyo maana mteja huidhinisha lebo na kuchapa maelfu bila wasiwasi. Kosa lingine la jamaa hiyo ni kuibana bakodi ili ienee kwenye kichupa kidogo. Bakodi ya kawaida ya tarakimu 13 ina upana wa takriban milimita 37 pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, na kanuni ya madukani hairuhusu kuipunguza chini ya asilimia 80 ya hapo, yaani takriban milimita 30.

Dizaina hahitaji kuyasema yote haya akiwa amesimama. Anayahitaji kwa ajili ya swali linalofuata. Msindikaji akimuuliza, “Sasa hiyo namba naipata wapi?”, ajibu bila kusita kwamba hutolewa na GS1 Tanzania, na kwamba namba zake huanza na 620. Aongeze kwamba 620 inaonyesha namba imetolewa na ofisi ya nchi gani. Haithibitishi bidhaa imetengenezwa wapi. Hapo pia pana mpaka ambao hotuba haipaswi kuuvuka. Alama ya ubora ya TBS huwekwa kwenye bidhaa iliyopewa leseni ya kuitumia, na dizaina hawezi kuitoa wala kuiahidi. Akisema “nitakuwekea na ya TBS” ili kumfurahisha mtu, amemwahidi kitu kinachoweza kumletea mteja matatizo na mamlaka.

Hotuba hii ina umbo la pili, la watu wawili waliosimama na vikombe vya chai. Hapo haianzi na asali. Inaanza na salamu, na salamu za Kiswahili hazikatwi: shikamoo kwa aliyekuzidi umri, habari za kazi, za nyumbani, karibu sana. Anayeruka hatua hizo ili kuwahi sekunde zake anaonekana hana adabu, na atakachosema baadaye kitapokelewa hivyo. Salamu pia zinampa msikilizaji muda wa kuizoea sauti mpya katikati ya makelele ya ukumbi. Kisha dizaina aulize yeye kwanza: “Mama, wewe unashughulika na nini?” Akijibiwa kwamba anasindika karanga, asali ibadilike iwe siagi ya karanga. Akijibiwa kwamba ni wakili, lebo ibaki, kwa sababu wakili ana ndugu, majirani na wateja.

Kuhusu huyo wakili, kuna utafiti maarufu wa mwanasosholojia Mark Granovetter, wa mwaka huo huo wa 1973. Aliwachunguza watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, akauliza walikuwa wanaonana naye mara ngapi. Takriban 17 kati ya 100 walisema mara kwa mara, 56 walisema mara chache, na 28 walisema ni nadra sana. Wale wa karibu wanajua habari zile zile unazozijua. Wa mbali wanaishi kwenye mizunguko mingine. Utafiti ule ulihusu ajira, haukuhusu wateja wa dizaina, lakini njia ya habari ni ya aina moja. Mtu anayesikiliza hotuba ukumbini mara nyingi si mnunuzi. Ni mbebaji, na lazima apewe mzigo unaobebeka.

Kwa hiyo kipimo cha hotuba ni kile ambacho msikilizaji anaweza kumwambia mtu wa tatu. “Nilikutana na dada mmoja anatengeneza lebo, ile bakodi isikwame kaunta,” ni sentensi inayofika salama hata kama jina limesahaulika. Dalili za kushindwa nazo hujulikana mapema. Mtu akiuliza, “Kwa hiyo hasa unafanya nini?”, picha haikuingia. Akiuliza bei kabla ya jambo lingine lolote, amekuweka kwenye kundi la maduka ya uchapaji. Akisema, “Hongera, nitakutafuta,” amefunga mazungumzo kwa heshima. Lakini akisema, “Subiri, shemeji yangu ana pilipili ya kusaga,” hotuba imefanya kazi yake, na huu ndio wakati wa kuomba namba.

Usiku ule ule dizaina humtumia mbebaji wake ujumbe wa WhatsApp: sentensi mbili, na picha moja yenye lebo ya zamani na mpya, ambayo mwenye bidhaa ameridhia ionyeshwe. Ujumbe uandikwe kana kwamba unasomwa na shemeji, ili mbebaji autume ulivyo bila kueleza chochote. Na ombi la mwisho la hotuba libadilike kulingana na kalenda. Kwa mikutano ya Aprili na Mei jijini Dar es Salaam, “anayeingia supamaketi kwa mara ya kwanza” inaweza kuwa “anayejiandaa na maonyesho ya Sabasaba”, kwa kuwa msindikaji anayetaka lebo mpya ziwe tayari kabla ya Julai anahitaji wiki za kusahihisha maandishi, kuijaribu bakodi kwenye mashine, kuchapa na kubandika.