Mkopo Ukichelewa, Nani Ashtuke?

Chama cha akiba na mikopo kisichotaka mkopo hata mmoja uchelewe hakitamkopesha mtu. Ndiyo maana bodi huamua kwanza iko tayari kubeba hatari kiasi gani. Utayari huo ni maneno matupu hadi uwekewe kikomo cha namba. Mfumo wa PEARLS, unaotumiwa na vyama hivi duniani, unataka mikopo iliyochelewa isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Na huhesabiwa salio lote la mkopo, si rejesho lililokosekana tu.

Tuseme chama kimekopesha shilingi milioni 200. Kikomo ni milioni 10. Zikichelewa milioni 6, karani anaandika daftarini na kuendelea kutazama. Zikifika 8, anawafuata wadaiwa vibandani sokoni. Zikipita 10, wadhamini wanaitwa na mikopo mipya inasimama. Lakini elfu 50 zikipungua kwenye sanduku la fedha, uchunguzi unaanza siku hiyo hiyo, maana kwa wizi kikomo ni sifuri.

Ninayoiogopa ni bodi inayosogeza kikomo hadi milioni 15 baada ya kukivuka. Mwanachama, kwenye mkutano mkuu uliza kikomo kiliandikwa lini.