Sebule ya Saa Kumi na Mbili Jioni

Msanifu anachora sebule kwenye programu ya Blender. Dirisha ni kubwa, darini kuna taa ndogo sita za kuchomekwa, na pembeni ya kochi imesimama taa ya kivuli cha kitambaa. Anazipa zote rangi nyeupe. Picha inayotoka ni baridi, sawasawa kila kona, kama chumba cha upasuaji.

Kinachokosekana ni joto la rangi, linalopimwa kwa kelvini. Namba ikiwa ndogo, mwanga huelekea manjano. Ikipanda, huelekea buluu. Mwanga wa mawingu uingiao dirishani ni kama 6500, taa za darini 3000, ya kochi 2700. Katika Blender namba hizi huandikwa kwenye nodi ya Blackbody.

Akishaziandika, taa zinageuka rangi ya chungwa kali. Namba si kosa: kamera yake ya kompyuta bado inahesabu 6500 kuwa nyeupe. Jicho la mtu huzoea chumba, kamera haizoei. Akiiweka 3000, taa hutulia lakini dirisha huwa buluu kupita kiasi. Karibu na 4500 pande zote mbili huonekana, dirisha likiwa na ubuluu kidogo.

Linabaki suala la nguvu. Adhuhuri, mwanga wa nje hufunika taa zote, ndiyo maana anashusha jua hadi machweo. Kisha anakagua mto mweupe kochini: upande wa dirisha uwe na ubaridi, upande wa taa uwe na umanjano.