Jedwali Moja, Njia Mbili za Kulilaza Diskini

Mteja anapiga simu kulalamika kwamba pesa aliyotuma jana haijafika. Mhudumu anaandika namba ya muamala, na kufumba na kufumbua taarifa zote ziko mbele yake: nani katuma, nani kapokea, shilingi ngapi, saa ngapi, kwa wakala yupi. Baadaye mchambuzi wa kampuni hiyohiyo anaiuliza data ileile swali jingine: mwaka huu kila mkoa umetuma jumla ya shilingi ngapi? Safari hii mashine inazungusha duara lake mpaka mtu anachoka. Chanzo mara nyingi ni namna jedwali lilivyolazwa diskini.

Diski haijui jedwali ni nini. Kwake kila kitu ni mlolongo wa baiti, moja baada ya nyingine, na hifadhidata ndiyo inayoamua nani akae jirani na nani. PostgreSQL na MySQL kwa kawaida huandika mstari mzima, kisha mstari unaofuata. ClickHouse, Vertica na DuckDB hukusanya thamani za safu moja pamoja, kisha za safu nyingine. Miamala mitatu ingelala hivi:

```
Kwa mistari: 7001,Mwanza,20000 | 7002,Dodoma,5000 | 7003,Mwanza,15000
Kwa safu:    7001,7002,7003 | Mwanza,Dodoma,Mwanza | 20000,5000,15000
```

Mpangilio wa kwanza unamfaa mhudumu. PostgreSQL husoma diski kwa kurasa za kilobaiti 8, na taarifa za muamala mmoja kwa kawaida hukaa kwenye ukurasa mmoja. Faharasa ikishauonyesha ukurasa huo, kazi imekwisha. Mchambuzi naye hahitaji muamala wowote mzima. Anataka safu mbili tu, mkoa na kiasi, lakini anazitaka kwa miamala yote.

Tupige hesabu kwa mfano wa kubuni. Jedwali lina miamala milioni 100 ya mwaka mmoja na safu 20, na kila mstari unachukua baiti 200. Hiyo ni gigabaiti 20. Kwa diski inayosoma megabaiti 500 kwa sekunde, kulipitia lote ni sekunde 40, na sehemu kubwa ya kilichosomwa kinatupwa. Likilazwa kwa safu, jina la mkoa linachukua wastani wa baiti 8 na kiasi baiti 8, basi. Kinachosomwa ni gigabaiti 1.6, na sekunde 40 zimeshuka hadi tatu na ushee.

Hapo bado hatujabana chochote, na kubana ndiko safu zinakoonyesha uwezo wao. Ndani ya mstari, majirani hawafanani: namba, jina, tarehe, kiasi. Ndani ya safu, majirani ni wa aina moja na mara nyingi wanajirudia. Safu ya mkoa ina majina milioni 100, lakini Tanzania ina mikoa 31 tu. Kwa hiyo hifadhidata hutengeneza kamusi ndogo: kila mkoa hupewa namba, kuanzia 0 hadi 30, na safu huandikwa kwa namba hizo. Namba ya ukubwa huo inatosha kwenye biti 5, hivyo mikoa minane inabanana kwenye baiti 5, mahali ambapo awali hata jina moja la wastani lilikuwa halitoshi. Megabaiti 800 zinakuwa kama 63.

Kiasi nacho kinabanika. Kama hakuna muamala unaozidi shilingi milioni 16, baiti 3 zinatosha badala ya 8, na safu inashuka hadi megabaiti 300. Jumla ya kusomwa sasa ni kama megabaiti 363, kazi isiyofika sekunde moja.

Mtu anaweza kuuliza: kwani mistari haibaniki? Inabanika, ila faida inapungua. Data hubanwa kwa mafungu, na kulifungua fungu kunamlazimu mchambuzi afungue pia safu 18 asizozihitaji. Mhudumu naye, akitaka muamala mmoja, angefungua fungu lenye maelfu. Anayepitia safu nzima hana hasara hiyo, kwa sababu kila thamani iliyomo ndani ya fungu alikuwa anaihitaji vilevile.

Tena kuna mahali ambapo fungu halihitaji kufunguliwa kabisa. Tuseme jedwali limepangwa kwa mkoa. Mwanza zote zinakaa mfululizo, kwa hiyo inatosha kuandika jina mara moja pamoja na idadi ya mistari yake. Safu nzima ya mkoa inabaki jozi 31. Ukiuliza kila mkoa una miamala mingapi, jibu linasomwa kwenye jozi hizo bila kugusa mistari milioni 100. Na ukitafuta Mwanza peke yake, mashine inaangalia kamusi mara moja, kisha inalinganisha namba kwa namba bila kusoma herufi za majina.

Michael Stonebraker, aliyeongoza mradi wa Postgres huko Berkeley miaka ya 1980, alikuwa miongoni mwa watafiti waliochapisha mwaka 2005 mfumo wa safu ulioitwa C-Store, ambao baadaye ulizaa Vertica. Mwaka 2006 Daniel Abadi na wenzake, wakiutumia mfumo huo, walionyesha kwamba faida kubwa hupatikana pale hesabu inapofanywa juu ya data ikiwa bado imebanwa.

Lakini gharama zipo. Kuingiza muamala mmoja ni kugusa safu 20, na kurekebisha thamani iliyo katikati ya fungu ni kuliandika fungu upya. C-Store ilipokea maandishi mapya kwenye sehemu ndogo ya pembeni, kisha kazi ya chinichini ikayahamishia kwenye hifadhi kuu iliyobanwa. ClickHouse huunda sehemu mpya kwa kila uingizaji, halafu huziunganisha polepole. Anayeingiza mstari mmoja mmoja kwa kasi hukutana na ujumbe `Too many parts`, na dawa yake ni kuingiza maelfu kwa pamoja. Ndiyo maana kampuni nyingi huacha huduma za papo kwa papo kwenye mistari na kunakili data kwenda kwenye safu kwa ajili ya ripoti.

Mpangilio pia ni mmoja. Jedwali likipangwa kwa mkoa, namba za muamala zinabaki zimechanganyika. Na kama namba hizo ni herufi za kubahatisha zisizojirudia, kamusi yake itakuwa kubwa kuliko safu yenyewe. Kwenye ClickHouse unaweza kujionea safu ipi imebanika na ipi imekataa:

```sql
SELECT name, data_uncompressed_bytes, data_compressed_bytes
FROM system.columns
WHERE table = 'miamala';
```

Safu ambayo tarakimu zake mbili zinakaribiana ndiyo inayokula diski. Kabla ya kuongeza mashine, angalia ripoti zako zinaiita mara ngapi. Mwandishi wa `SELECT *` huiita kila mara, pamoja na nyingine zote 19, na kwa nyota hiyo moja anarudi kusoma jedwali zima.